KUITAMBUA NYAMA YA KIBANDANI KABLA YA KUINUNUA

Vyama vingi vya msingi vina desturi ya kuwaandalia wanachama chakula siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Aghalabu nyama ya chakula hicho hainunuliwi katika duka lenye chumba cha baridi, bali katika kibanda cha bucha kilichopo mnadani au kando ya barabara, ambako paja la ng'ombe limetundikwa kwenye kulabu tangu asubuhi. Wajumbe waliotumwa kununua hufika mchana, jua likiwa kali. Hutazama rangi ya nyama, husikiliza maneno ya muuzaji, kisha hulipa. Ikiwa wamekosea, mtu mmoja hataumwa peke yake, kwa maana nyama yote huingia katika sufuria moja na kuliwa na wanachama wote.

Nyama iliyotundikwa hewani mchana kutwa si lazima iwe mbaya. Kabla ya kuwako majokofu watu walikula nyama ya namna hiyo, na hata leo ndiyo inayopatikana katika sehemu nyingi za vijijini. Jambo la muhimu ni kujua mambo gani hutukia katika nyama tangu ng'ombe anapochinjwa, na dalili zipi ni za kweli na zipi hudanganya.

MAMBO YATUKIAYO BAADA YA KUCHINJA

Mwili wa ng'ombe aliye hai una joto la nyuzi 38 hadi 39 za sentigredi. Anapochinjwa joto hilo halitoki mara moja. Sehemu nyembamba, kama vile mbavu na tumbo, hupoa upesi. Lakini paja, ambalo ni nene na lina mfupa mkubwa katikati, hubaki na joto ndani yake kwa saa nyingi. Katika nchi ya joto kama Usukuma mwezi wa Oktoba, ambako mchana joto la hewa hupita nyuzi 30, paja haliwezi kupoa kupita hewa inayolizunguka.

Wakati huohuo kazi nyingine huendelea ndani ya misuli. Ng'ombe mwenye afya, aliyepumzika kabla ya kuchinjwa, huwa na akiba ya sukari katika misuli yake. Baada ya kufa sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na nyama huwa na uchachu kidogo usioonjeka mdomoni, lakini unaotosha kuzuia vijidudu visiongezeke kwa haraka. Huo ndio ulinzi wa kwanza wa nyama.

Ulinzi wa pili ni ukavu wa uso wake. Paja likitundikwa kivulini, mahali penye upepo, bila kugusana na jingine, uso wake hukauka na kufanya utando mwembamba kama ngozi. Vijidudu vinavyoozesha nyama huhitaji unyevu. Penye joto na unyevu, aina nyingi za vijidudu huweza kuongezeka maradufu katika kila nusu saa au hata chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo kijidudu kimoja tu cha saa moja asubuhi chaweza kuwa zaidi ya milioni 1 ifikapo saa kumi na moja jioni. Juu ya uso uliokauka, hesabu hiyo haifuati mwendo huo. Kwa sababu hiyo nyama iliyotundikwa vizuri kivulini yaweza kupita mchana ikiwa salama, ilhali vipande vya nyama ileile vilivyorundikwa mezani vikiwa na majimaji huanza kunuka kabla ya jioni.

Yafuatayo ndiyo yanayouvunja ulinzi huo: kuimwagia nyama maji ili ing'ae, kuifuta kwa kitambaa kimoja chenye maji kutwa nzima, jambo ambalo husambaza uchafu badala ya kuuondoa, kuifunika kwa nailoni inayozuia hewa, kuirundika ikiwa bado na joto la mwili, na kuikata vipande vidogo kabla mnunuzi hajafika. Kila kata ya kisu hufanya uso mpya wenye unyevu.

RANGI HUDANGANYA

Wanunuzi wengi huanza na rangi, nao huamini kwamba nyama nyekundu inayong'aa ni mpya na nyama ya hudhurungi ni ya zamani. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Nyama inapokatwa, ndani yake huonekana na rangi iliyoelekea zambarau. Ikipata hewa kwa muda upatao nusu saa, hugeuka kuwa nyekundu yenye kung'aa. Ikiendelea kukaa hewani na kukauka, hugeuka kuwa hudhurungi. Mabadiliko yote hayo ni ya rangi iliyomo katika misuli na hewa inayoigusa. Hayaonyeshi peke yake kwamba nyama imeoza.

Kwa hiyo muuzaji asiye mwaminifu aweza kuchukua paja la jana, akaparuza uso wake kwa kisu, akasubiri kidogo, nalo likawa jekundu kama la leo. Na muuzaji mwaminifu aliyeacha paja lake likauke kwa utaratibu aweza kukosa wateja kwa sababu uso wake umekuwa wa hudhurungi. Rangi inayopaswa kuogopwa ni ya kijani, au ya kijivu iliyofifia yenye madoa, hasa ikiambatana na utelezi.

Mafuta nayo hudanganya. Mafuta meupe hupendwa, lakini mafuta ya manjano hutokana mara nyingi na majani mabichi aliyokula ng'ombe, au na umri wake. Ng'ombe jike mzee huwa na mafuta ya manjano hata akiwa mzima kabisa. Mafuta mabaya hutambulikana kwa harufu ya kuchacha na kwa kulainika na kupaka vidole.

Iko nyama nyeusi ambayo yastahili kuangaliwa zaidi. Ng'ombe aliyeswagwa mwendo mrefu hadi mnadani, bila maji wala kupumzika, kisha akachinjwa papo hapo, huwa amekwisha kuitumia sukari ya misuli yake njiani. Asidi haitoshi kufanyika, na nyama yake huwa nyeusi, ngumu kidogo na kavu hata pale inapokatwa upya. Nyama hiyo haina ugonjwa na haijaoza, lakini imekosa ule ulinzi wa kwanza. Huharibika upesi kuliko nyingine. Yafaa kwa mtu atakayeipika saa ileile. Haifai kununuliwa mchana ili ipikwe kesho.

PUA, KIDOLE NA KISU

Mnunuzi hana budi kuzitumia dalili tatu pamoja, wala asiishie kwenye moja.

Ya kwanza ni kugusa. Nyama nzuri ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Iliyoanza kuharibika hubaki na shimo. Uso wake uwe mkavu, au uwe na unyevu usionata. Kidole kikinata kama kilichogusa ulimbo, au kikiteleza, vijidudu vimekwisha kuwa vingi mno. Lakini mahali pa kugusa si pale panapoelekea barabarani, ambapo muuzaji amepatengeneza. Pagusike pale ambapo hewa haifiki: katika mikunjo kati ya paja na tumbo, sehemu ya shingo iliyokatwa, na upande ule unaogusana na nyama nyingine au na mti wa kibanda. Utelezi huanzia huko. Hapo pia ndipo nzi hutaga mayai yao, ambayo huonekana kama vishada vidogo vyeupe. Nzi peke yao si dalili ya lolote, kwa kuwa hutua juu ya nyama nzuri na mbovu. Lakini nyama yenye mayai yao imeachwa bila ulinzi kwa muda, na haifai kununuliwa.

Ya pili ni harufu. Nyama mbichi iliyo nzuri ina harufu hafifu ya damu. Harufu ya uchachu, au ile inayochoma pua kama choo kisichosafishwa, ni ya kuoza. Kibandani harufu huchanganyika na moshi, utumbo na vumbi, kwa hiyo ni vema mnunuzi aombe kipande kidogo, akisogeze kando ya kibanda, kisha akinuse huko.

Ya tatu, ambayo wanunuzi wengi hawaijui, ni kunusa mfupani. Paja huweza kuwa zuri kwa nje na huku limeanza kuoza ndani, karibu na kiungo cha nyonga, kwa sababu joto la mwili limebaki huko muda mrefu. Katibu au karani wa chama hanunui gunia la mazao kwa kutazama mdomo wa gunia tu. Hulichoma kwa bambo ili ayaone yaliyomo katikati. Paja nalo lipimwe vivyo hivyo. Kisu chembamba kilichooshwa huchomwa hadi kigonge mfupa karibu na nyonga, kisha huchomolewa na kunuswa mara moja. Kisu kikitoka na harufu chachu au ya uvundo, paja hilo lisinunuliwe, hata kama uso wake ni mzuri kiasi gani. Kisu kioshwe kabla ya kupima paja jingine, kwa maana kitahamisha uchafu, na harufu ya kwanza itaificha ya pili.

MAMBO AMBAYO PUA HAIWEZI KUYAJUA

Dalili zote zilizotajwa hupima jambo moja tu, nalo ni muda na matunzo ya nyama tangu ilipochinjwa. Hazipimi afya ya ng'ombe. Nyama ya ng'ombe aliyekuwa na kifua kikuu yaweza kuwa nyekundu, kavu na yenye harufu njema. Vijidudu vinavyoleta kuhara na homa vyaweza kuwamo katika nyama isiyonuka hata kidogo, kwa kuwa vile vinavyonukisha ni vingine.

Kwa ajili hiyo upo mhuri wa mkaguzi wa nyama. Mkaguzi humwona mnyama kabla ya kuchinjwa, kisha hupasua tezi, hukagua mapafu na maini, na kukata moyo na misuli ya taya akitafuta vifuko vya minyoo ya tegu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mnunuzi, kwa sababu viungo hivyo havifiki kibandani pamoja na paja. Pasipo mhuri, mnunuzi hana njia ya kujua mkaguzi aliona nini.

Yako mambo machache ambayo mnunuzi mwenyewe aweza kuyatambua. Vifuko vya tegu katika nyama ya ng'ombe huonekana kama punje nyeupe zenye maji, ndogo kama punje ya mchele au ya mtama. Nyama ya namna hiyo ikataliwe. Nyama ya kibudu, yaani ya mnyama aliyekufa mwenyewe na ambaye damu yake haikutoka, huwa na weusi wa damu. Mishipa midogo kati ya mbavu huonekana imejaa damu, na mafuta yake huelekea wekundu. Nyama hiyo ni hatari kubwa, kwani mnyama huyo aweza kuwa amekufa kwa kimeta. Mbegu za kimeta hustahimili joto jingi, na ugonjwa huo humpata hata mtu anayeshika nyama hiyo mbichi, si yule anayeila tu. Nyama inayouzwa kwa bei ya chini mno, bila mhuri, na bila mtu kueleza ni nani aliyemchinja ng'ombe na wapi, isikaribiwe.

Hivyo mhuri na pua havishindani. Mhuri husema ng'ombe alikuwaje asubuhi. Hausemi nyama imekaaje tangu hapo. Pua husema nyama imekaaje. Haisemi ng'ombe alikuwaje. Mnunuzi mwenye kimoja tu amejua nusu ya habari.

MFANO WA UNUNUZI MNADANI

Na ichukuliwe kwamba chama kimoja cha msingi kinahitaji kilo 30 za nyama yenye mifupa kwa ajili ya wanachama 120, yaani gramu 250 kwa kila mtu. Chakula kitaliwa jioni ileile. Wajumbe wawili wanafika mnadani saa nane mchana, na wanakuta vibanda viwili.

Katika kibanda cha kwanza limetundikwa paja jekundu linalong'aa, na chini yake, juu ya meza, kuna rundo la vipande. Matone ya maji yanadondoka. Muuzaji anasema ng'ombe amechinjwa alfajiri ya leo. Katika kibanda cha pili, kilichoezekwa kwa nyasi, kuna paja na mkono ambavyo uso wake ni mkavu na wa hudhurungi, na mafuta yake ni ya manjano. Muuzaji naye anasema ng'ombe amechinjwa alfajiri. Kwa kutazama tu, kibanda cha kwanza ndicho chenye nyama nzuri.

Wajumbe wanaanza kwa kuuliza mhuri. Muuzaji wa kwanza anajibu kwamba sehemu yenye mhuri imekwisha kuuzwa. Jibu hilo laweza kuwa kweli, lakini halithibitishi lolote. Wa pili anauonyesha mhuri juu ya paja. Kisha wanagusa. Katika kibanda cha kwanza sehemu ya mbele imelowa maji, na mkunjo wa karibu na tumbo unanata. Katika kibanda cha pili mikunjo ina unyevu kidogo lakini hainati, na nyama iliyobonyezwa inarudi mahali pake. Wanaomba kisu na maji. Kisu kilichotoka kwenye nyonga ya paja la kwanza kina uchachu. Kisu kinaoshwa, na kilichotoka kwenye paja la pili hakina harufu ila ya damu. Mwisho wanaomba paja la pili likatwe kidogo: ndani linaonekana la zambarau, na baada ya muda linaanza kuwa jekundu. Hudhurungi ya nje ilikuwa ni ukavu tu.

Wajumbe wananunua katika kibanda cha pili, nao wanataka nyama ikatwe mbele yao kutoka katika paja na mkono uliotundikwa, wala si kutoka mezani. Wanaomba gogo na shoka viondolewe mabaki ya nyama kwanza, kwa sababu nyama nzuri ikikatwa juu ya gogo lenye uchafu wa tangu asubuhi huwa imepokea vijidudu vya siku nzima katika kila kipande. Uso ule mkavu sana waweza kupunguzwa kwa kisu jikoni. Ni upungufu mdogo wa uzito, na heri kuupata huo kuliko kulipia maji yaliyomwagiwa nyama na kupimwa pamoja nayo katika mizani.

Ikiwa vibanda vyote viwili vingeshindwa katika kipimo cha nyonga, wajumbe wangekuwa na njia mbili. Wangeweza kurudi na maharage. Au, kama upo mhuri, na mkono au mbavu za ng'ombe mwingine zimepita vipimo vyote, wangenunua hizo, kwa kuwa sehemu nyembamba hupoa mapema na ndani yake huharibika kwa nadra. Kisichofaa ni kupunguziwa bei ya paja linalonuka kwa matumaini kwamba pilipili na ndimu vitaiondoa harufu. Harufu yaweza kufichwa, lakini nyama haiponi. Baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu katika chakula haziharibiwi na kuchemshwa, hata vijidudu vyenyewe vikifa.

KUTOKA KIBANDANI HADI SAHANINI

Nyama iliyopita vipimo vyote mnadani yaweza kuharibika njiani. Isifungwe kwa nailoni wala kuwekwa juu ya carria ya baisikeli juani; ichukuliwe katika chombo safi chenye mfuniko kisichobana hewa, na ifike jikoni bila kupitia shughuli nyingine. Isiloweshwe maji hadi jioni. Ioshwe inapokaribia kuingia chunguni, na ianze kupikwa mapema iwezekanavyo.

Vipande visiwe vikubwa mno, na vipikwe mpaka katikati pasiwe na wekundu. Hapo vifuko vya tegu vilivyokosa kuonekana, na vijidudu vingi vya kuhara, vitakuwa vimekufa. Wapishi wa mikutano hawana budi kukumbuka jambo moja zaidi. Viko vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Mchuzi wa watu 120 katika sufuria kubwa hupoa polepole usiku kucha, na katika uvuguvugu huo mbegu hizo huamka na kuongezeka. Watu wengi huumwa tumbo kwa mchuzi wa jana, kisha humlaumu muuza nyama. Kwa hiyo chakula kigawanywe kikiwa cha moto na kiishe siku hiyo. Kiasi kitakachobaki kigawanywe katika vyombo vidogo vipana ili kipoe upesi, na asubuhi kichemshwe hadi kitokote kabisa kabla ya kuliwa. Chama kisicho na jokofu ni heri kipike kilo 25 zikaisha kuliko kupika kilo 35 zikalala.